Sura ya Tano: Mfuko Mmoja, Majina Mawili

Duka nitakalolitumia katika sura hii ni la mfano: duka la rejareja la mtaani, Morogoro, lenye mwenye duka na kijana mmoja wa kaunta. Bei nimezizungusha ili hesabu isomeke kwa urahisi. Makosa yaliyomo, hata hivyo, si ya kubuni. Ukifungua daftari la duka lolote ambalo watu wawili wanaandika kwa zamu, utayakuta yote kabla hujamaliza ukurasa wa tatu.

Mwisho wa mwezi, mwenye duka na kijana wamehesabu mali iliyopo, wameandika kwenye daftari, kisha mtu amehamishia Excel. Orodha ina mistari zaidi ya mia moja. Ukitafuta sukari unapata mistari hii minne, imetawanyika mbalimbali:

| Na. | Bidhaa | Kiasi | Kipimo | Thamani (Sh) |
|---|---|---|---|---|
| 14 | Sukari | 2 | mfuko | 270,000 |
| 37 | sukali | 25 | kg | 68,000 |
| 61 | SUKARI NYEUPE | 1 | mfk | 68,000 |
| 88 | sukari 1/2 | 40 | pkt | 64,000 |

Swali la mwenye duka ni jepesi: nina sukari kiasi gani, na imekula fedha kiasi gani? Ukijumlisha safu ya kiasi unapata 68, namba isiyo kilo wala mifuko wala pakiti. Ukijumlisha thamani unapata shilingi 470,000, na hiyo angalau inaonekana ni fedha. Watu wengi huishia hapo. Wanasema vipimo vimegongana lakini fedha haidanganyi, basi tutumie fedha. Tutaona kwamba hata hiyo 470,000 si kweli, tena imepotoka kwa kiasi ambacho mwenye duka mdogo hawezi kukipuuza.

Kabla ya kugusa chochote, nakili karatasi yote ya kazi na uifunge nakala ya kwanza usiibadilishe tena. Kisha kila mstari upewe namba yake ya kudumu, kama hiyo 14, 37, 61 na 88. Namba hiyo inaonekana haina kazi mpaka siku utakapopanga orodha kwa alfabeti na kutaka kujua mstari fulani ulikuwa ukurasa gani wa daftari. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kishawishi cha kwanza cha kila mtu ni kusahihisha palepale: kuona "sukali", kufuta, kuandika "sukari". Ukifanya hivyo umepoteza ushahidi. Tofauti ya mwandiko mara nyingi ndiyo inayokuambia nani aliandika mstari huo, na tutaihitaji habari hiyo mbele.

Tuanze na safu ya kiasi, maana makosa yake yamejificha kuliko mengine. Excel hutofautisha namba na maandishi yanayofanana na namba. Mtu akiandika 25kg ndani ya kisanduku kimoja, hayo ni maandishi, na fomula ya SUM itayaruka kimyakimya bila kutoa onyo lolote. Vivyo hivyo akiandika 1O kwa herufi ya O badala ya sifuri. Jumla inatoka, inapendeza, na imepungua. Namna ya kutambua ni kuangalia upande: isipokuwa kama mtu amebadilisha mpangilio, namba hukaa kulia mwa kisanduku na maandishi hukaa kushoto. Kwa orodha ndefu, linganisha hesabu mbili hizi:

```
=COUNTA(C2:C120)
=COUNT(C2:C120)
```

Ya kwanza inahesabu visanduku vyote vyenye kitu, ya pili inahesabu vyenye namba tu. Zikitofautiana kwa nne, kuna visanduku vinne ambavyo jumla yako haivioni.

Kosa la pili katika safu hii linawapata hasa wauza duka, kwa kuwa wao huishi kwa nusu na robo. Andika 1/2 peke yake kwenye kisanduku, nayo Excel itadhani unaandika tarehe. Kompyuta iliyopangwa kutanguliza siku itaifanya tarehe 1 Februari ya mwaka uliopo. Iliyopangwa kutanguliza mwezi itaifanya tarehe 2 Januari. Na kwa kuwa ndani yake tarehe ni namba ya siku zilizohesabiwa tangu mwaka 1900, nusu yako ikiandikwa mwaka 2024 kwenye kompyuta inayotanguliza siku itaingia kwenye jumla ikiwa 45,323. Ukiona duka la mtaani lina kilo elfu arobaini na tano za dengu, usitafute mwizi, tafuta nusu. Mchezo huu haukuwasumbua wauza duka peke yao. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina ya jeni kadhaa, mathalani SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Sisi hatuna haja ya kufika huko: andika 0.5, basi.

Sasa majina. Hapa kuna aina mbili za tofauti, na kosa kubwa ni kuzitibu kwa dawa moja. Aina ya kwanza ni tofauti za mkono: herufi kubwa na ndogo, nafasi mbili badala ya moja, nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno, r iliyoandikwa l. Hizi hazina maana yoyote, na mashine inaweza kuziondoa. Aina ya pili ni tofauti za kitu chenyewe: chapa, ukubwa, daraja. Hizi zina maana, na mashine haijui.

Kwa aina ya kwanza, tengeneza safu mpya pembeni, usiguse ile ya zamani, uiite Ufunguo:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(LOWER(TRIM(B2)),"l","r")," ","")
```

Fomula hii inaondoa nafasi za ziada, inashusha herufi zote kuwa ndogo, inageuza kila l kuwa r, kisha inaunganisha maneno. "Sukari" na "sukali" zote zinakuwa sukari. Mchele utakuwa mchere, na usishtuke. Ufunguo si jina la kuchapisha, ni alama ya kukusanyia mistari inayofanana. Ukishapanga orodha kwa safu hiyo, mistari ya jamii moja inasogeleana na jicho linaanza kufanya kazi. Fomula haitamaliza kila kitu. "Kiberiti" na "kibiriti" zitabaki mbali kidogo, "maharage" na "maharagwe" pia, lakini zitakuwa jirani kiasi cha kuonekana. Kama majina yalinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu au ukurasa wa mtandao, huenda yana nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiiondoi. Hiyo hutolewa kwanza kwa SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "). Dalili yake ni majina mawili yanayofanana kabisa kwa macho, lakini Excel inakataa kwamba ni sawa.

Zipo programu zinazokwenda mbali zaidi. OpenRefine, ambayo ni ya bure, inaweza kukusanya majina kwa kupima yametofautiana kwa herufi ngapi, kipimo kilichopewa jina la Mrusi Levenshtein aliyekieleza mwaka 1965. Kati ya sukari na sukali umbali ni moja. Ni chombo kizuri, lakini mwenye duka ajue hatari yake. Umbali kati ya chai na chaki nao ni moja. Umbali kati ya unga na ungo ni moja. Na umbali kati ya "soda 300ml" na "soda 350ml" ni moja pia, ingawa hizo ni chupa mbili zenye bei mbili. Kwa hiyo kabla ya kuipa programu yoyote kazi ya kufananisha majina, toa namba na vipimo ndani ya jina uviweke kwenye safu yake. Jina libaki maneno matupu. Na hata hapo, programu ipendekeze tu. Anayekubali awe mtu anayeijua rafu.

Mtu huyo anakubali kwa kigezo gani? Kigezo ninachokiamini ni kimoja, na kinatoka kaunta. Mteja akiomba hiki ukampa kile, atakipokea bila kuuliza, kwa bei ileile? Akikipokea, ni bidhaa moja. Akiuliza, ni mbili. Mchele wa Kyela na mchele wa daraja la chini haviunganishwi hata kama daftari limeandika "mchele" pote, kwa sababu mnunuzi anauliza. Sukari na sukari nyeupe katika duka hili zinaunganishwa, kwa kuwa hakuna sukari nyingine inayouzwa humo. Duka la jirani lenye sukari ya kahawia haliwezi kufanya hivyo. Ndiyo maana orodha safi ya mtu mwingine huwezi kuiazima ukaibandika kwenye duka lako.

Kigezo hicho kinasaidia sana pale jina la chapa limegeuka kuwa jina la kitu. "Omo" katika daftari la kijana inaweza kuwa Omo yenyewe au sabuni yoyote ya unga, na "kolgeti" inaweza kuwa dawa yoyote ya meno. Hapa ufunguo hausaidii hata kidogo, maana tahajia ni sahihi. Kilichokosekana ni habari. Itabidi kwenda kuangalia rafu. Neno "mafuta" likisimama peke yake ni baya zaidi: laweza kuwa ya kula, ya taa au ya kupaka. Kwa jina rasmi, tanguliza kitu, kisha aina, kisha chapa, na ukubwa wa kifungashio mwisho: Sabuni ya unga, Omo, gramu 500. Ukipanga kwa alfabeti, sabuni zote zitakaa pamoja, na mafuta hayatachanganyika.

Maamuzi haya yote yaandikwe kwenye karatasi ya pili ya kazi, iite Majina, yenye safu mbili: kilichoandikwa, na jina rasmi. "sukali" inaelekea Sukari nyeupe, "SUKARI NYEUPE" inaelekea Sukari nyeupe, na kadhalika, kila umbo la jina mara moja tu. Kisha orodha kuu inavuta jina rasmi kutoka huko:

```
=VLOOKUP(B2,Majina!A:B,2,FALSE)
```

Lile neno FALSE mwishoni usilisahau. Bila hilo, Excel hutafuta jina linalokaribia, na karatasi yako isipokuwa imepangwa kwa alfabeti itakupa jibu la bidhaa nyingine bila haya. Ukiwa na FALSE, jina lisilopatikana linaleta #N/A. Wengi hawaipendi alama hiyo na huifunika kwa IFERROR ili itoke sifuri. Usiifunike. #N/A ni mstari unaokuambia kuna jina jipya ambalo bado hujaliamulia, na sifuri ni mstari unaokuficha jambo hilohilo.

Tumefika kwenye vipimo, na hapa ndipo duka linapotofautiana na karatasi za ofisini. Kilo ni kilo popote. Katoni si kipimo. Mfuko si kipimo. Bunda, boksi, dumu, kiroba, vyote hivyo ni vyombo, na chombo hupata maana ya kipimo pale tu kinapotajwa pamoja na bidhaa yake. Trei ya mayai ni 30 na dazani ni 12, hayo yanajulikana. Lakini katoni ya sabuni ya mche ina idadi inayotofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na mfuko wa sukari upo wa kilo 50 na upo wa kilo 25. Kwa hiyo jedwali linalosema "katoni = 24" ni sumu. Jedwali linalofaa linasema: bidhaa hii, kwa chombo hiki, ni kiasi hiki cha kipimo cha msingi. Liweke kwenye karatasi ya tatu, liite Vipimo.

Kipimo cha msingi ni kipi? Ni kile ambacho mali hiyo inatoka nacho dukani. Sukari hutoka kwa kilo na sehemu za kilo, basi msingi wake ni kilo. Mayai hutoka moja moja, msingi ni yai. Sabuni ya mche ikiwa hukatwa vipande, msingi ni kipande, na mche mmoja uandikwe ni vipande vingapi kwa kisu cha duka hilo. Mafuta ya kula hutoka kwa lita, na hapo pana mtego unaostahili kuangaliwa. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takribani kilo 0.92, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kilo 18.4 hivi, na kilo 20 za mafuta zinakaribia lita 21.7. Mfanyabiashara wa jumla mmoja huuza kwa lita na mwingine kwa kilo, madumu yanafanana, na daftari limeandika "mafuta 20". Usijaribu kukisia. Chagua lita, kwa kuwa ndicho kipimo unachomiminia mteja, na kila dumu lililonunuliwa kwa kilo ligeuzwe siku linapoingia.

Idadi za ndani ya katoni huna haja ya kuzikariri wala kuziuliza mtandaoni. Zimechapwa ubavuni mwa katoni yenyewe: 24 x 500 ml, 12 x 1 kg. Zisome hapo, uandike na tarehe uliyosoma, maana watengenezaji hupunguza uzito wa kipande bila kubadilisha jina wala sura ya pakiti.

Turudi kwenye mistari minne. Majina sasa ni moja: Sukari nyeupe. Msingi ni kilo. Mstari wa 37 umekwisha, ni kilo 25. Lakini mfuko wa mstari wa 14 na mfk wa mstari wa 61, ni wa 50 au wa 25? Daftari halisemi. Inayosema ni safu ya thamani, ukiigawa kwa kilo. Jaribu zote mbili. Mstari wa 14: mifuko miwili kwa 270,000. Ikiwa ni ya kilo 50, kilo moja ni shilingi 2,700. Ikiwa ni ya 25, kilo moja ni 5,400. Mstari wa 61: mfuko mmoja kwa 68,000. Ukiwa wa 50, kilo moja ni 1,360. Ukiwa wa 25, ni 2,720. Mstari wa 37, ambao hauna utata, unatupa 2,720. Hakuna muuza jumla anayeuza sukari kwa 1,360 na kwa 5,400 mwezi mmoja. Kwa hiyo mstari wa 14 ni mifuko ya 50, na wa 61 ni mfuko wa 25. Andika uamuzi huo kwenye jedwali, ukitaja mifuko kwa majina mawili tofauti, mfuko 50 na mfuko 25, na pembeni yake uwe na safu ya Sababu: "kwa bei ya kilo".

Hili ndilo jaribio lenye nguvu kuliko yote katika kazi hii, na ni ajabu jinsi linavyotumiwa kwa nadra. Kila mstari wa orodha upewe bei kwa kipimo cha msingi, kisha ulinganishwe na wenzake wa bidhaa hiyohiyo. Linganisha na bei ya katikati, fomula ya MEDIAN, si wastani. Angalia sababu yake: tungechukulia mifuko yote ni ya kilo 50 na pakiti ni za nusu kilo, bei za kilo zingekuwa 2,700, 2,720, 1,360 na 3,200. Wastani wake ni 2,495, bei ambayo hakuna aliyeinunulia sukari. Ya katikati ni 2,710, na hiyo ipo pale ilipo bei ya kweli, kwa kuwa kosa moja haliivuti. Mstari unaotoka nusu au mara mbili ya bei ya katikati karibu kila mara una kosa la chombo. Unaotoka mara kumi una sifuri iliyozidi au kupungua.

Jaribio lina mipaka. Linataka thamani iwe ya kununulia, na mistari iwe ya kipindi kimoja. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika Tanzania na bei ikapanda kwa haraka, mfuko wa Desemba na mfuko wa Februari ungeonekana kama una kosa kumbe soko lenyewe ndilo lililobadilika. Tena halitasaidia pale ukubwa wa pakiti unapokaribiana, gramu 450 na 500 kwa mfano. Hapo hakuna njia ya mkato, itabidi kushika pakiti na kusoma.

Sasa mstari wa 88: pakiti 40 za nusu kilo, yaani kilo 20, kwa shilingi 64,000. Kilo moja ni 3,200. Si nusu, si mara mbili. Imezidi bei ya katikati kwa kiasi cha faida. Mtu mwenye uzoefu ataguna hapo. Duka halinunui pakiti za nusu kilo. Hufungasha lenyewe kutoka kwenye mfuko mkubwa. Aliyeandika 64,000 amezidisha pakiti 40 kwa bei ya kuuzia, shilingi 1,600. Kwa hiyo mstari huu una kosa la bei, lakini nyuma yake kuna swali zito zaidi: hizo kilo 20 zilitoka mfuko upi, na mfuko huo umehesabiwaje?

Swali hilo halijibiwi na Excel. Mwenye duka alikwenda stoo na kukuta mifuko ya kilo 50 ni miwili kweli, ila mmoja umefunguliwa. Ulipowekwa kwenye mizani ulikuwa na kilo 30. Aliyehesabu aliona mifuko miwili, akaandika miwili, kisha akahesabu pakiti akaziandika pia. Kilo 20 zimeingia mara mbili.

Baki na hilo, kwa maana mistari iliyosafishwa imeleta jambo jingine. Tazama 37 na 61 baada ya kazi yote: Sukari nyeupe, kilo 25, shilingi 68,000, Sukari nyeupe, kilo 25, shilingi 68,000. Zilipokuwa "sukali 25 kg" na "SUKARI NYEUPE 1 mfk" hakuna aliyeweza kuzishuku. Sasa ni pacha. Excel ina kitufe cha Remove Duplicates ambacho kingefuta mmoja kwa mguso, na ningemsihi msomaji asikiguse hapa, kwa kuwa duka linaweza kabisa kuwa na mifuko miwili ya kilo 25 iliyonunuliwa siku moja kwa bei moja. Kufanana ni sababu ya kwenda kuangalia, si sababu ya kufuta. Tia alama kwa COUNTIFS kwenye mistari yenye jina, kiasi na thamani sawa, uichape, uende nayo rafuni.

Stoo ulikuwepo mfuko mmoja. Kijana alipoulizwa hakuhitaji kufikiri sana: "Huo si ndio ule wa Jumamosi, mama? Wewe uliandika kilo, mimi nikaandika mfuko." Na hapa ndipo mwandiko wa asili unapolipa. Herufi kubwa zote ni za kijana, herufi ndogo ni za mama, na namba za mistari zinaonyesha kurasa mbili tofauti za daftari. Baada ya hapo ni rahisi kupitia mistari mingine ya kurasa hizo na kutafuta pacha nyingine.

Hesabu ya sukari basi ni hii. Mfuko mzima kilo 50, uliofunguliwa kilo 30, pakiti kilo 20, mfuko mdogo kilo 25: jumla kilo 125. Kwa bei ya kununulia, 270,000 na 68,000, ni shilingi 338,000. Orodha ilisema 470,000. Imezidi kwa 132,000, ambazo 64,000 ni za pakiti zilizohesabiwa mara mbili na 68,000 ni za mfuko ulioandikwa na watu wawili. Kati ya hizo, hakuna hata shilingi moja iliyotokana na tahajia. Kama mtu angesahihisha "sukali" kuwa "sukari" katika mistari yote na kusimama hapo, angepata orodha inayopendeza machoni na iliyozidi kwa 132,000 vilevile.

Ndiyo maana sipendekezi kusafisha orodha nzima kwa kina hiki. Ipange kwa thamani kutoka kubwa kwenda ndogo, uanze juu: sukari, unga, mchele, mafuta, sabuni. Hapo ndipo fedha ilipokaa. Pipi na viberiti vipewe jina rasmi na kipimo, viachwe. Anayetumia siku nzima kupatanisha nyembe na sindano hajafanya kosa la hesabu, ila mfuko wa sukari unamngoja.

Kazi ikiisha, zuia uchafu usirudi. Safu ya bidhaa na ya kipimo zifungwe kwa Data Validation ya aina ya List, ili mwandishi achague badala ya kuandika. Bidhaa mpya iongezwe na mtu mmoja tu, kwenye karatasi ya Majina, siku inapoingia. Zilizo na msimbomilia zipewe safu yake, na safu hiyo ipangwe kuwa Text kabla ya kuingiza chochote. Msimbo wa tarakimu 13 ukiachiwa hivihivi Excel itauonyesha kama 6.2E+12, na ukihifadhi faili kwa mtindo wa CSV tarakimu zilizofichwa hazitarudi.

Na hesabu ya mwezi ujao isianze na daftari tupu. Chapa orodha yenye jina rasmi na kipimo cha msingi tayari, acha safu ya kiasi peke yake iwe wazi. Mmoja ahesabu kwa sauti, mwingine aandike, wapite rafu moja pamoja kabla ya kwenda nyingine. Mizani iwe karibu nao, na mfuko wowote uliofunguliwa uandikwe kwa kilo.